Uzi: Skripti ya Kiswahili naipeleka Kiingereza, huyu "alipiga" ni he au she wakati mwandishi hajasema?

KalamuYaZai

Wakuu salaam. Nina skripti ya muvi ya familia, kurasa 94, naitafsiri kwa ajili ya prodyuza ambaye hasomi Kiswahili kabisa, yeye ataamua kuweka hela au kutoweka kwa kusoma hiyo ya Kiingereza peke yake. Sasa ndani ya hadithi kuna mtu anaanza kutajwa ukurasa wa 7 na uso wake hatuuoni mpaka ukurasa wa 61. Mwandishi wala hakuhangaika, kila mahali ni alipiga, alisema, anamjua, simu yake, basi, Kiswahili kimembeba bila kumwomba chochote. Mimi nikianza tu mstari wa kwanza Kiingereza kinanishika shati, nataka kujua ni mwanamume au mwanamke.

Sini yenyewe hii hapa, ndugu wawili wako chumbani kwa baba yao, wametoka kumzika:

```
SALMA
Alipiga tena jana usiku.

JABIRI
Akasemaje?

SALMA
Hakusema. Alikuwa analia tu.

JABIRI
Mama anamjua?

SALMA
Mama ndiye aliyemleta humu ndani.

JABIRI
Kwa hiyo aliishi na sisi?

SALMA
Alikuwa anakubeba mgongoni, Jabiri.
Na baba alimpenda kuliko sisi.
```

Kwa Kiswahili ukisoma hapo kichwa kinaenda moja kwa moja kwa hawara wa marehemu, au binti wa kazi aliyezidishiwa mapenzi. Ukurasa wa 61 mlango unafunguka anaingia Musa, mwanamume wa miaka 40 na kitu, ni mtoto wa mama aliyemzaa kabla hajaolewa na huyo marehemu. Nikiweka she nimemdanganya msomaji, na akirudi nyuma ataona nimedanganya. Nikiweka he nahisi nimefungua mlango kurasa 54 kabla ya wakati wake.

Halafu wapo wengine wawili wadogo wadogo, daktari aliyemtibu baba, anatajwa mara chache na haonekani kabisa, na mtoto aliye tumboni mwa Salma. Nilimuuliza mwandishi daktari ni mwanamume au mwanamke akasema hajawahi kulifikiria hilo. Mnafanyaje?

Chapa12

Mbona rahisi, weka they kila mahali umalize kazi. They ya mtu mmoja inakubalika siku hizi, mwaka 2019 Merriam-Webster waliifanya neno la mwaka na mwongozo wa APA toleo la 7 wa mwaka huohuo unaikubali. Mtu asikutishe na sarufi ya shuleni, Waingereza wenyewe wanaitumia toka enzi na enzi.

Tulizo_B

Samahani sijaelewa vizuri, kwani huyo mhusika ni mtu asiyejihesabu mwanamume wala mwanamke? Kama ndivyo they ndiyo sahihi na mwandishi aeleze mapema mhusika anapotambulishwa ili mwigizaji anayefaa apatikane.

KalamuYaZai

Hapana @Tulizo_B, Musa ni mwanamume wa kawaida na wote waliomlea wanajua hivyo. Ni lugha tu haijasema. Ila swali lako limenisaidia maana kama wewe umefikiria hivyo kwa kusikia they tu, na prodyuza naye atafikiria hivyohivyo.

NahodhaMaandishi

Dada Zai umejijibu nusu hapo. Nimefanya skripti za kwenda na kurudi kwa muda mrefu, ngoja niseme ninavyoiona.

@Chapa12 yuko sawa kwamba they ya mtu mmoja ni Kiingereza safi. Tatizo ni nani anaisema na anajua nini. Mwingereza anasema they bila kufikiri pale ambapo hamjui mtu, kwa mfano kaokota simu barabarani anasema mtu kaacha "their phone", haimshtui mtu yeyote. Lakini mtu unayemjua, aliyelala nyumba moja na wewe, aliyembeba mdogo wako mgongoni, ukisema they msikilizaji atasimamisha masikio. Ama ataelewa kama alivyoelewa Tulizo_B, ama ataona unamficha huyo mtu kwa makusudi. Na hapo ndipo tafsiri inaharibika, kwa sababu Salma kwenye Kiswahili hafichi kitu! Anaongea kawaida na ndugu yake. Ukimfanya aonekane anaficha umembadilisha tabia, na mwigizaji atakayepewa hiyo nafasi ataicheza hiyo tabia, atamtazama Jabiri kwa jicho la pembeni, atasita kabla ya kila jibu, vitu ambavyo havimo.

Kwa hiyo kabla hujagusa kiwakilishi chochote, kwa kila mstari jiulize mambo mawili: anayesema anajua? Na kama anajua, anaficha? Hapo kwenye sini yako Jabiri hajui. Salma anajua na hafichi. Basi they ni ya Jabiri, ataitamka bila kumshangaza mtu. Salma asiitamke hata mara moja, wala asitamke he au she, inabidi umtafutie sentensi ambazo kiwakilishi hakina kazi.

Na jambo la pili ambalo wengi hawalioni. Kiswahili hakisemi jinsia lakini idadi kinaisema wazi, alipiga ni mmoja, walipiga ni wengi, huwezi kukosea. They haisemi jinsia na idadi nayo inaimeza. Kwenye hadithi ya siri idadi ni ushahidi, msomaji akisoma "they took the money" anaanza kutafuta genge. Kwa hiyo hata pale they inapofaa, hakikisha umetanguliza kitu kinachosema ni mtu mmoja, simu moja, sauti moja, "someone", halafu ndiyo they ifuate. Simu moja iliyopigwa usiku inatosha, hapo hakuna atakayedhani ni watu sita.

Sini_ya_Tatu

Mi nilikutana na hiki kwa upande wa daktari na kilitugharimu. Skripti yetu ilikuwa na wakili, kwa Kiswahili ni wakili tu, anaongea anaondoka. Aliyetafsiri akaweka he mwanzo mwisho bila kumuuliza mtu. Toleo la Kiingereza ndilo likapelekwa kwa watu wa kasti, wakaandika tangazo wanatafuta mwanamume wa makamo, wakaita wanaume tu. Dairekta wetu alikuwa tayari ana mama mmoja kichwani kwa ile nafasi toka siku alipoisoma ya Kiswahili. Ilibidi tangazo litolewe upya na siku za usaili zilikuwa zimeshalipiwa. He moja tu ya mfasiri.

Chapa12

Sawa Nahodha nimekuelewa kwenye kujua na kutojua, hilo sikuliwaza. Lakini mbona kwa huyo wakili usiandike tu "he/she" kwenye maelezo? Inaeleweka.

NahodhaMaandishi

Kwenye maneno ya kutamka haiwezekani, mwigizaji hawezi kutamka mkwaju. Kwenye maelezo ya eksheni inaeleweka lakini inakatiza picha, msomaji wa skripti anatakiwa aone muvi kichwani na hakuna muvi yenye mkwaju. Kwa mhusika ambaye mwandishi mwenyewe ameacha wazi, mtambulishe kwa kazi na umri bila kiwakilishi, "A LAWYER, 50s, tired suit", na uendelee kumwita "the Lawyer". Halafu kwenye barua unayoambatanisha na skripti uandike sentensi moja kwamba nafasi hii iko wazi kwa mwanamke au mwanamume. Barua ndiyo inasomwa na watu wa kasti, hapo utakuwa umewaambia ukweli bila kuuchomeka kwenye sini.

Upande wa eksheni kwa kweli Kiingereza cha skripti kina huruma kuliko Kiingereza cha riwaya. Riwaya inataka sentensi nzima. Skripti imezoea kudondosha mtenda, wanaandika "Stops. Listens. Moves on." na hakuna anayeshangaa, ndio mtindo wenyewe. Kama Musa anaonekana kwa mbali kabla ya ukurasa wa 61 tumia hiyo.

KalamuYaZai

Anaonekana, ukurasa wa 33, usiku, nje ya nyumba. Kiswahili ni "Mtu yuko dirishani, koti la mvua, kofia imefunika uso. Anasimama, anasikiliza, anaondoka." Nimejaribu hivi:

```
EXT. HOUSE - NIGHT

A FIGURE at the window. Raincoat,
hood over the face. Stops. Listens.
Moves on.
```

NahodhaMaandishi

Hapo umepata kila kitu, kamera haioni jinsia na wewe hujaiona. Zingatia "the face", usije ukaandika "his face" mkono ukiteleza, kiwakilishi cha umiliki ndicho kinachopenyaga kwa sababu jicho linakagua he na she, linasahau his na her. Ukimaliza fanya utafutaji kwenye faili zima wa maneno yote matano, he, him, his, she, her, na kila linapotokea hakikisha unajua anatajwa nani.

Ukurasa wa 61 utaunganisha jina, kitu kama "The hood comes down. A MAN, 40s. The Figure. This is MUSA." Na hilo jina FIGURE mjulishe mtu wa ratiba ya uzalishaji, maana programu ya skripti inahesabu wahusika kwa majina yaliyoandikwa, kwake FIGURE na MUSA ni watu wawili na anaweza kutafuta waigizaji wawili.

Bi_Wasaa

Naomba niingie na la kwangu, mi nafanya manukuu ya chini ya skrini siyo skripti. Sisi tunabanwa na nafasi, herufi 42 kwa mstari ndio kawaida ya wengi na mistari isizidi miwili, kwa hiyo hizi mbinu za kuzunguka zinatushinda mara nyingi. Kwenye muvi yenye kitu kama hiki niliambiwa niweke she kwa vile "watazamaji wanadhani hivyo hata kwa Kiswahili". Sikuridhika. Kudhani ni kwa mtazamaji, mimi nikiandika she nimekuwa shahidi. Je Zai umefikiria kwamba kazi yako itakuja kutumiwa na mtu wa manukuu? Wengi wetu tunapewa skripti ya Kiingereza tunanakili kutoka humo.

KalamuYaZai

Sikuwa nimefika huko dada Wasaa lakini ni kweli, kwa hiyo sentensi zikiwa fupi inafaa wote.

NahodhaMaandishi

Haya nimeijaribu sini yote. Mnikosoe.

```
SALMA
Another call last night.

JABIRI
What did they want?

SALMA
Nothing. Just crying.

JABIRI
Does Mama know who it is?

SALMA
Mama opened the door herself.
Made up the bed.

JABIRI
Wait. Lived here? With us?

SALMA
You were carried all over this house,
Jabiri. And with Dad we came second.
You and me both.
```

Nieleze nilichofanya. "Alipiga tena" nimeigeuza ikawa simu ndiyo mtenda, Mwingereza anasema hivyo kila siku. "Alikuwa analia tu" imebaki kitendo bila mtu, na kwa kuwa ni jibu la swali haihitaji mtu. "Mama ndiye aliyemleta" ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu kitenzi kuleta kwa Kiingereza kinadai mtendwa na mtendwa ni him au her. Nikatafuta kitendo kingine kidogo chenye maana ileile lakini mtendwa wake ni kitu, mlango, kitanda. Mstari wa mwisho nimegeuza nani anapimwa. Kiswahili kinasema alimpenda kuliko sisi, mimi nimesema sisi tulikuwa wa pili. Maumivu ni yaleyale, labda hata yamekaa karibu zaidi na mdomo wa mtoto aliyepungukiwa.

Sini_ya_Tatu

Nzuri lakini mgongo umepotea mkuu. "Alikuwa anakubeba mgongoni" ndiyo iliyonifanya mimi nimwone mwanamke, mgongoni ndipo mwandishi alipotega mtego. "Carried all over this house" inaweza kuwa mabegani, mikononi, popote.

Chapa12

Na hicho kitanda umekiongeza wewe. Mwandishi hakusema kitanda.

NahodhaMaandishi

Kitanda nakubali ni changu, mwandishi aulizwe. Mgongo hoja yako ni ya kweli kabisa na ninaona pengo, ila "carried on his back" na "on her back" ndiyo kisu chenyewe. Kuna "piggyback" lakini ni mchezo, inaleta mwanamume anayecheza na mtoto, inaegemea upande wa pili.

KalamuYaZai

Subirini nina kitu. Ukurasa wa 5, Salma anafungua simu ya marehemu, kuna namba imehifadhiwa kwa herufi moja tu, M. Ipo kwenye skripti ya mwandishi, sijaileta mimi. Kwa Kiswahili haitumiki tena baada ya hapo kwa sababu hawaihitaji, wanasema "alipiga" na wanaelewana. Kwa Kiingereza ninaweza kuifanya M iwe jina wanalomwita huyo mtu:

```
SALMA
M called again last night.

...

SALMA
Mama brought M into this house.

JABIRI
Wait. M lived with us?

SALMA
You grew up on M's back, Jabiri.
```

Mgongo umerudi, kuleta kumerudi, kitanda kimeondoka.

NahodhaMaandishi

Dada hiyo ni bora kuliko yangu, mara nyingi dawa huwa imo ndani ya skripti yenyewe, mwandishi kaiacha kurasa mbili nyuma. Ila angalia mipaka yake. Kwanza itumie kwa kiasi, M M M kila mstari itakuwa kama muvi ya majasusi. Weka M mara ya kwanza na pale ambapo kitenzi kinadai mtendwa, kwingine acha vipande vifupi kama "Just crying". Pili, kuna swali la mantiki. Salma kama anamkumbuka huyu mtu tangu utotoni, kwa nini amwite M na sio jina? Kwa Kiswahili hakuna aliyeuliza kwa sababu jina halikuwa na nafasi ya kutokea. Ukianza kumwita M, msomaji wa Kiingereza atauliza.

KalamuYaZai

Hapo ndiyo nimempigia mwandishi. Kasema Salma alikuwa na miaka 6 Musa alipoondoka na nyumbani jina lilipigwa marufuku, kuna mstari ukurasa wa 19 Mama anasema "jina hilo lisitajwe humu ndani". Kwa hiyo M ni namna yao ya kutii. Karidhia nitumie M sini zote kabla ya 61, ila kasema kwenye Kiswahili hataongeza kitu.

Bi_Wasaa

Mstari wa 19 unaubeba huo uzito wote, basi uutafsiri kwa makini, "that name" na sio "his name"!

KalamuYaZai

"That name is not spoken in this house." Nimeshaweka.

Tulizo_B

Je umekagua vitenzi vya ndoa? Maana mnasema Kiswahili hakina jinsia lakini kuoa na kuolewa zinasema kila kitu. Mtu akisema ameoa, ni mwanamume, hakuna cha kujadili.

NahodhaMaandishi

Tulizo umegonga penyewe. Hivi ndivyo vinavyowaponza wanaodhani Kiswahili hakina siri za jinsia. Ameoa, ameolewa, amejifungua, ana mimba, wifi, shangazi, mjomba, hizi zote zimeshasema, na msomaji wa Kiswahili ameshajua. Mstari wenye mojawapo ya hizi hauna sababu ya kukwepa, andika he au she kwa amani maana hujabuni kitu. Kosa la upande wa pili lipo pia, mtu anakwepa kiasi kwamba hata aliyeolewa anamfanya they.

Kinyume chake kuna maneno ya undugu ambayo kwetu yako wazi na Kiingereza hakina neno la kawaida la kuyapokea. Ndugu yangu, mdogo wangu, mpwa wangu, mkwe. Hayo ndiyo ya kukesha nayo.

KalamuYaZai

Nilikagua hilo mapema. Ukurasa wa 38 Jabiri anauliza "ana familia?" na sio ameoa, naona mwandishi alifanya makusudi. Nimeweka "Any family?" na jibu la Salma, "watoto wawili", ni "Two kids". Halikunisumbua.

Lililobaki ni ukurasa wa 52. Mama amebanwa, Jabiri anamsukuma kwa maswali, mama anasema "Ni ndugu yenu." Halafu kimya, halafu "Ni mwanangu." Bado hatujamwona Musa. Hapa anayesema anajua, mama anajua kuliko wote, na haya ni maneno ya mama aliyebeba siri miaka 40. "He's your brother" ndiyo sentensi ambayo kila mama wa Kiingereza angesema.

Chapa12

"Your sibling"? Halafu "my child".

Bi_Wasaa

Sibling ni neno la fomu Chapa. Mama anayelia hasemi sibling.

"My child" naikubali, mama akiwa kwenye uchungu anaweza kusema my child kwa mtu wa miaka 40 na ikamuuma msikilizaji vizuri. Tatizo ni ndugu tu.

NahodhaMaandishi

"Your own blood." Mama anaweza kuisema hiyo. Na ina faida moja, ndugu kwa Kiswahili ni pana, anaweza kuwa mtoto wa ami, anaweza kuwa wa tumbo moja, ndiyo maana "ni mwanangu" inapofuata inakaza. "Blood" nayo ni pana vilevile, halafu "My child" inakaza. Hatua mbili zimebaki mbili. Ukisema brother, hatua ya pili imeshaliwa nusu.

Lakini nataka kukuuliza jambo dada Zai, na nisingependa ulichukulie kama kukukatisha. Kwenye hadithi hii kinachofichwa hasa ni nini? Ukiweka he kuanzia ukurasa wa 7, msomaji wa Kiingereza atadhani nini? Mwanamume fulani analia kwenye simu, marehemu alimpenda kuliko watoto wake. Atadhani ni mtoto wa nje wa BABA. Na hilo nalo ni kosa! Ukweli ni mtoto wa mama. Kwa hiyo he haiui siri, inabadilisha tu mtego, hawara anatoka anaingia mtoto wa nje. Na he siyo ya kubuni, Musa ni mwanamume kweli. Utaokoa kurasa 54 za kukwepa, na waigizaji wataongea kama watu.

Sini_ya_Tatu

Sikubaliani mkuu. Kwa Kiswahili mtazamaji anakaa na dhana mbili tatu kwa pamoja, hawara, binti wa kazi, mtoto wa nje. Ukiweka he umemwachia moja. Tena ya hawara ndiyo inayomfanya Jabiri amchukie marehemu katikati ya muvi, si ndiyo? Ikiondoka hiyo hasira yake haina mguu.

KalamuYaZai

Ndiyo, ukurasa wa 44 Jabiri anachana picha ya baba, na hajasema kwa nini. Msomaji wa Kiswahili anajaza mwenyewe.

NahodhaMaandishi

Basi huo mstari wa 44 ndio wa kupimia. Nipendekeze jaribio. Tengeneza PDF ya kurasa 1 mpaka 60 tu, toleo la M, wape wasomaji wachache wasiojua Kiswahili kabisa, usiwaambie unatafuta nini. Wakimaliza waulize maswali mawili tu, M ni nani, na kwa nini Jabiri amechana picha. Ukipata majibu yaliyogawanyika, mmoja anasema mpenzi, mwingine anasema mtoto, tafsiri imeshika. Wakisema wote kitu kimoja, kuna mstari umevujisha, warudishe wakuonyeshe walijua wapi. Na mtu akikuambia "mbona wanakwepa kusema ni mwanamume au mwanamke", basi ukwepaji unasikika na hapo mimi ningeenda na he bila kuona haya.

Pia isomwe kwa sauti. Kwenye karatasi vipande vifupi vinapita, kwa sauti ndiyo utasikia Salma anaongea kama telegramu. Akifika vipande vitatu mfululizo mpe sentensi moja ndefu yenye mtenda wake, hata kama ni kuhusu jambo lingine.

Bi_Wasaa

Na daktari?

KalamuYaZai

Daktari nimemmaliza. "Daktari alisema asisafiri" nimeweka "The doctor said no travelling", na mahali pengine "alituambia" ni "we were told". Hao wanaomtaja hawana sababu ya kumwongelea zaidi. Mtoto wa tumboni ni "the baby", na Salma mwenyewe hajui bado kwa hiyo hata "they" au "it" mdomoni kwake haina ubaya, nimetumia "the baby" mara zote maana ndivyo mama anavyosema.

Tulizo_B

Usisahau ukurasa wa 61 na kuendelea. Mkishamwona Musa, mstari wa kwanza mtu atakaposema he utasikika sana masikioni, utakuwa umepewa uzito ambao Kiswahili hakina. Nani anausema?

KalamuYaZai

Jabiri. "Ndiye huyu?" Mama hajibu. Nilikuwa nimeweka "Is this him?"

NahodhaMaandishi

Mhh. "Is this M?" inaacha mambo yalivyo, na he ya kwanza itakuja baadaye kidogo ndani ya mazungumzo ya kawaida, isishangiliwe. Lakini "Is this him?" ina kitu pia, ni mara ya kwanza Jabiri anamkubali kuwa mtu. Mimi ningekuwa mwandishi ningeitaka. Siyo mwandishi lakini.

Sini_ya_Tatu

Weka M. Kiswahili hakikumpa Jabiri hiyo zawadi, wewe unampa ya nini?

KalamuYaZai

Nimemtumia mwandishi zote mbili asikie kwa sauti, nimezirekodi. PDF ya kurasa 60 imeshaenda kwa wasomaji watatu, wakirudisha nitaweka majibu yao hapahapa pamoja na walichosema kuhusu ile picha.